Mkono Kwanza, Maneno Yafuate

Mwombe mkulima mzoefu aeleze mbele ya kamera namna ya kutunza mahindi ya masika, ataanzia kwenye kung'oa visiki na kumalizia ghalani. Atasema kweli tupu, na mtazamaji hatashika hata moja. Ndiyo maana anayemwandalia maneno huanza kwa kukata, na hukata mpaka libaki jambo moja ambalo mkono unaweza kulionyesha. Hapa tubakize hili: urea ya kukuzia ifukiwe, isiachwe juu ya ardhi.

Wakati wake ni mahindi yanapofika magotini, baada ya palizi ya kwanza, udongo ukiwa na unyevu. Urea ikilala juu ya udongo wenye unyevu na joto huvunjika na kutoa amonia, gesi inayopaa na naitrojeni ambayo mkulima ameilipia. Ikiwa chini ya udongo, sehemu kubwa yake hunaswa humo na mizizi huipata.

Ugumu ni kwamba amonia haionekani. Inanusika, basi onyesho lijengwe juu ya pua. Siku mbili au tatu kabla ya kurekodi, mkulima huweka udongo mbichi wa shamba lake katika makopo mawili yenye vifuniko. Katika la kwanza urea hubaki juu, katika la pili hufukiwa, kiasi kilekile. Makopo hufungwa na kuwekwa kivulini. Hili lijaribiwe mapema, kwa sababu urea ikizidi, hata kopo la pili litanuka na hoja yote itakufa.

Karatasi ya maneno igawanywe safu mbili: kushoto kile mkono unachofanya, kulia kile mdomo unachosema. Safu ya kushoto iandikwe kwanza. Kwa mfano huu, ikishajazwa, itasomeka hivi:

*(Anafungua kopo la kwanza, anapunga hewa kuelekea puani.)* «Wakulima wenzangu, hili nililiandaa juzi. Urea niliiacha juu. Mh! Linanuka kama choo cha mkojo. Hiyo ni mbolea yangu inaondoka.»

*(Anafungua la pili, ananusa.)* «Hili lina udongo uleule na mbolea ileile, ila niliifukia. Harufu ni ya udongo tu.»

*(Anachuchumaa, anaweka kiganja chini kando ya shina.)* «Toka kwenye shina, upana wa kiganja. Shamba likiwa na mteremko, kaa upande wa juu.»

*(Anachimba, anaingiza kidole cha shahada.)* «Kina, viungo viwili vya kidole.»

*(Anasawazisha kizibo kwa kidole, anamimina.)* «Kizibo kimoja cha soda, kisijae kilima. Shina moja, kizibo kimoja.»

*(Anafukia, anakandamiza kwa mkono.)* «Funika. Ukiona punje nyeupe, bado hujamaliza.»

Tazama vipimo: kiganja, kidole, kizibo. «Karibu na shina» kila mtu huipima kwa jicho lake, na wengine humwaga mbolea kwenye moyo wa mmea ikaunguza majani. Kizibo kilichosawazishwa hubeba gramu 4 hadi 5 hivi. Eka iliyopandwa sentimita 75 kwa 30, shina moja kila shimo, ina mashina karibu 18,000, kwa hiyo hesabu hufika kilo 72 hadi 90. Takwimu hizo ni za kupangia manunuzi, na kwa maoni yangu hazina nafasi kwenye maneno ya mkulima. Mtu aliyechuchumaa na kizibo mkononi akianza kutaja maelfu, mtazamaji huacha kuangalia mkono.

Kosa linalojirudia zaidi ni mdomo kukimbia. Mkulima anachimba huku ameshaanza kuzungumzia kufunika, na anayetazama hajui afuate lipi. Dawa yake ni kufanya zoezi zima mara moja kimya, kuona kila tendo linachukua muda gani, ndipo maneno yapunguzwe yaenee humo. Penye kuchimba paachwe kimya. Mlio wa jembe dogo kwenye udongo unatosha, na mkulima asiyelazimishwa kujaza kila sekunde huongea kama anavyoongea na jirani. Asikariri pia. Ajue mpangilio wa vitendo, maneno yatoke kwa lafudhi yake.

Neno «hapa» lichungwe. Kwenye video linafaa iwapo kiganja kinaonekana, si mgongo wa mkulima umekiziba. Redioni halina maana, na pale kopo linalonuka linahitaji mtu wa pili wa kulinusa na kushtuka.

Onyesho la makopo lina mpaka wake. Halisemi kitu kuhusu udongo mkavu, ambamo urea haitayeyuka ifikie mizizi, wala kuhusu mvua kubwa inayozamisha naitrojeni chini ya mizizi hata kama mbolea ilifukiwa vizuri. Kwa hiyo mkulima aongezewe sentensi moja, akiwa ameshika konzi ya udongo na kuiminya: «Ukifinyanga ukashikana, weka leo. Ukimwagika kama vumbi, ngoja mvua. Na mawingu mazito yakijikusanya, acha kwanza mvua hiyo ipite.»