Wimbo wa Dakika ya 41

Kwenye miksi niliyojaziwa katika flashi pale Kariakoo, dakika ya 41, kuna wimbo ulionisumbua wiki nzima. Ni amapiano. Mwanamke anarudia vokali mbili tu, na nyuma yake kinanda kinapanda polepole. Dijei hakuacha orodha ya nyimbo. Niliielekezea simu yenye Shazam mara sita: mara tano haikupata kitu, na mara ya sita ikataja wimbo nisioutafuta.

Ili kuelewa kwa nini, inabidi kujua simu inasikia nini. Shazam haifuatilii wimbo kama tunavyoufuatilia sisi. Inatafuta sauti zinazojitokeza kuliko nyingine, inazipanga mbili mbili, kisha inahifadhi kimo cha kila moja na muda unaozitenganisha. Alama hizo ndizo zinazolinganishwa na zile za rekodi zilizomo ghalani. Kelele za baa inaweza kuzivumilia, lakini dijei akibadilisha kasi, vimo na muda vyote vinahama, na alama hazilingani tena. Akiongeza kasi kwa asilimia 4, muziki wote unapanda kiasi cha theluthi mbili za nusu toni. Sikio halijali, mashine inapotea.

Kwa hiyo kazi ni kuirudisha rekodi ilivyokuwa kabla ya dijei kuigusa.

Nilianza kwa kuhesabu mapigo. Usihesabu kwa sekunde kumi, kosa dogo litakupotosha. Hesabu mapigo 64 huku ukipima muda. Yangu yalichukua sekunde 32 na nusu, yaani mapigo 118 kwa dakika. Amapiano nyingi hutengenezwa kati ya 110 na 115, na kwa kuwa zinatengenezwa kwenye kompyuta, kasi yake huwa namba kamili. Ilikuwa wazi kwamba dijei ameuharakisha, na hata sauti ya yule mwanamke ilikuwa nyembamba kidogo, kama ya msichana mdogo.

Huo wembamba ni ushahidi muhimu. Mashine za kisasa zina kitufe kinachobadilisha kasi bila kugusa kimo. Kikiwa kimewashwa, sauti ya mtu inabaki ya kawaida hata wimbo ukikimbia, na dawa yake ni nyingine: unapunguza kasi peke yake. Kwangu kasi na kimo vilipanda pamoja, basi nikavishusha pamoja.

Nilikata sekunde 20 nikazifungua kwenye Audacity, programu ya bure ya kompyuta, nikatumia `Change Speed and Pitch`. Kutoka 118 kwenda 112 ni kupunguza asilimia 5.1. Nikaichezea simu: kimya. Nikarudi kwenye kipande cha awali (usipunguze juu ya kilichokwisha kupunguzwa) nikajaribu 113, yaani asilimia 4.2. Jina likatokea, la produsa wa Afrika Kusini ambaye sikuwahi kumsikia.

Na lile jibu la mara ya sita? Nilirudisha miksi nyuma kwa dakika moja nikaukuta wimbo huo ukipigwa peke yake. Dakika ya 41 ulikuwa bado unamalizikia chini ya huu mpya, na simu ilikuwa imeushika mkia wake. Ndiyo maana ni vizuri kukata kipande pale wimbo uliotangulia umeshatoka na unaofuata haujaingia, hata kama si pale panapokuvutia zaidi.

Zipo nyimbo ambazo njia hii haizifikii. Wimbo ambao haujatolewa hauna alama ghalani, hata ukipatia kasi. Singeli nayo ina mtego wake: nyingi zimejengwa juu ya vipande vya taarabu vilivyoharakishwa mno, hivyo ukishusha kasi unaweza kuletewa taarabu ya zamani badala ya singeli yenyewe. Hilo si jibu baya, ila si ulilouliza.

Jina peke yake halikunitosha, nikausikiliza wimbo wote. Sauti ya mwanamke ilikuwemo, na ngoma ilirudi baada ya mapigo 32 kama kwenye miksi. Kinanda hakikuwemo. Nikadhani ni toleo jingine, nikatafuta na kukosa. Nikasogea mpaka dakika ya 43, wimbo ulipokuwa umeshabadilika, nikakata kipande na kukishusha kwa asilimia 4.2 ileile. Hakuna. Kosa lilikuwa langu: kila wimbo ulikuwa na kasi yake kabla dijei hajaifikisha 118. Huu ulikubali kwa asilimia 2.5, yaani 115, na ndani yake kinanda kikasikika tangu mwanzo, bila mwanamke.

Ninazo zote mbili sasa. Nilichokuwa nikikitafuta wiki nzima kilidumu sekunde 40 hivi, mikononi mwa dijei, wakati moja ikiingia na nyingine ikitoka.