Mwendo wa kushoto kuhamishiwa kulia

Katika Blender, pozi la kupunga mkono wa kushoto huhamia kulia kwa kufuata majina ya mifupa. Mfupa `mkono.L` hutafuta mwenzake `mkono.R`. Mwenzake akiitwa `mkono_kulia`, programu haimtambui na mkono wa kulia hausogei hata kidogo. Majina yakilingana, pozi hunakiliwa kwa Ctrl+C na kubandikwa kwa Ctrl+Shift+V, fremu moja baada ya nyingine.

Njia ya mkato, kuweka skeli ya -1 kwenye mhimili wa X, ni mtego. Hakuna mzunguko unaoweza kuzaa taswira ya kioo, kwa hiyo mhusika akipelekwa kwenye mchezo kiwiko huweza kupindika, na ngozi kugeuka ndani nje. Kabla ya kumtuma, skeli zake zote tatu zisomeke 1.