Sentensi Moja Ikibadilika, Maswali Yote Huulizwa Upya

Januari 2024, kampuni ya kusafirisha vifurushi ya DPD nchini Uingereza ililazimika kuizima sehemu ya akili mnemba katika roboti yake ya kujibu wateja. Mteja mmoja aliyekuwa akitafuta kifurushi chake alikuwa ameifanya itukane, kisha ikatunga shairi la kuiponda kampuni yenyewe. DPD ilieleza kwamba hitilafu ilitokea baada ya mfumo kusasishwa.

Roboti za aina hii huongozwa na maelekezo, yaani maandishi ya kawaida ambayo mfumo huyasoma kabla ya kumjibu mteja. Kubadili sentensi moja humo ni kazi ya dakika moja, na hapo ndipo penye hatari. Programu ya kawaida ikikosewa, mara nyingi hukwama na kosa huonekana. Roboti iliyoharibiwa na maelekezo mapya huendelea kujibu kwa ufasaha uleule, ila sasa inapotosha.

Chukulia kampuni ya mabasi yenye sharti hili: anayeghairi safari saa 24 kabla ya basi kuondoka hurudishiwa nauli, akichelewa, anaruhusiwa kubadili tarehe tu. Wateja wanalalamika kuwa majibu ni marefu. Mfanyakazi anaongeza maneno “Jibu kwa upole, kwa sentensi moja.” Analijaribu swali moja la ratiba, jibu linapendeza. Lakini abiria mwenye safari ya kesho alfajiri akiuliza kuhusu nauli yake, roboti inamjibu, “Ndiyo, unaweza kughairi na kurudishiwa nauli.” Ufupi umelimeza sharti.

Kinga yake ni hazina ya maswali yaliyokwisha kujibiwa vizuri, ambayo kompyuta huyauliza yote upya kila maelekezo yanapoguswa. Mfanyakazi akituma badiliko lake, mtambo kama GitHub Actions huanza kazi bila kuombwa, na likishindwa swali muhimu, badiliko halifiki kwa wateja. Katika programu ya promptfoo, swali la nauli huandikwa hivi:

```yaml
- vars:
    swali: "Naghairi safari ya kesho alfajiri. Nauli yangu?"
  assert:
    - type: icontains
      value: "saa 24"
    - type: not-icontains
      value: "utarudishiwa nauli"
```

Maana yake ni kwamba jibu lazima litaje saa 24, na lisitoe ahadi ya kurudisha nauli. Jibu fupi la hapo juu halitaji saa 24, kwa hiyo linanaswa palepale.

Hata hivyo, kipimo hiki kina kasoro ambayo mwandishi wa Kiswahili anapaswa kuiwahi. Roboti ikijibu kwa usahihi kabisa, “Hutarudishiwa nauli kwa sababu zimebaki chini ya saa 24,” bado itahukumiwa. Kompyuta inatafuta mfuatano wa herufi tu, na ndani ya “hutarudishiwa” imo “utarudishiwa” nzima. Ndiyo maana maswali ya namna hii hupelekwa kwa mfumo wa pili wa akili mnemba, unaopewa jibu pamoja na sharti na kuulizwa kama yanalingana. Naye hakimu huyo si wa kuaminiwa hivihivi: kwanza watu husahihisha majibu kadhaa kwa mkono, kisha hulinganisha alama zao na zake.

Tatizo jingine ni kwamba swali lilelile linaweza kupata majibu tofauti. Kuliuliza mara moja hakutoshi. Kampuni yetu inaweza kuliuliza mara 10, ikakubali salamu iliyokosa upole mara moja, lakini isikubali hata kosa moja kuhusu nauli. Ukali huo una sababu. Februari 2024, baraza la usuluhishi la British Columbia, Kanada, liliamuru Air Canada imlipe abiria fidia ya dola 650.88 za Kanada kwa sababu roboti yake ilimpotosha kuhusu nauli nafuu ya waliofiwa. Baraza lilikataa hoja kwamba kampuni haiwajibiki kwa maneno ya roboti hiyo.

Bado majaribio hupima kile tu ambacho mtu alikumbuka kukiuliza. Aprili 2025, OpenAI ilitoa toleo jipya la GPT-4o ambalo liliwasifia watumiaji kupita kiasi na kuunga mkono hata mawazo mabaya. Lilirudishwa nyuma baada ya siku chache. Kampuni ilieleza kwamba vipimo vyake vilikuwa vizuri, ingawa baadhi ya wajaribu wake walihisi tabia ya mfumo imekaa vibaya kidogo. Hakukuwa na kipimo mahususi cha kujipendekeza miongoni mwa vile vinavyoamua kama toleo litoke. Baada ya hapo OpenAI ilisema kwamba kasoro za tabia zitaweza kuzuia toleo hata pale ambapo takwimu zinapendeza.