Mbona Haniposti?

Jumapili jioni, dada mmoja wa Tabata alifungua stetasi ya mwanamume waliyekuwa pamoja kwa miezi minne. Aliona sahani ya pilau na glasi mbili za juisi ya ukwaju. Yeye mwenyewe, aliyekula pilau hilo mchana, alikuwa amekatwa: vilibaki vidole vitatu vyenye rangi nyekundu pembeni mwa meza.

Ukikatwa hivyo, usianze na picha yako. Rudi nyuma uangalie ni nani wengine hawamo. Yule bwana aliposti mpira, gari lake na chakula, lakini hata mama yake hakuwahi kumweka. Mtu wa namna hiyo hajakubagua. Wengine wana sababu zao: talaka bado mbichi, au ni wa familia ambazo mchumba hatangazwi mpaka posa ijibiwe.

Habari ni nyingine kama anaposti kila mtu: harusi ya binamu, wenzake wa kazini, rafiki aliyekutana naye juzi, ila wewe tu. Uzito unaongezeka akikuomba ufute picha uliyomweka wewe, au akikataa kupiga picha na wewe hata ya kubaki kwenye simu. Hapo kuna macho anayoyakwepa, na una haki ya kuuliza ni ya nani.

Lakini hata kupostiwa si hati ya ndoa. Kwenye mipangilio ya stetasi ya WhatsApp kuna "My contacts except...", inayowaficha unaowachagua, na "Only share with...", inayowaonyesha wachache tu. Anaweza kukuweka na maua na mioyo, ukafurahi siku nzima, kumbe mtazamaji ni wewe peke yako. Baada ya saa 24 imefutika.

Kwa hiyo kipimo kizuri kiko nje ya simu: nani anakujua? Mkikutana na rafiki yake njiani, anakutaja kwa jina na kusema wewe ni nani kwake, au anasalimia haraka na kupita? Akipigiwa simu na dada yake mkiwa pamoja, anapokea hapo hapo au anatoka nje?

Dada wa Tabata aliuliza bila kununa: "Mbona umenikata?"

"Mama wa watoto wangu anaiona stetasi," akajibu. "Sitaki wanangu wakujue kwa picha kabla sijawaambia mwenyewe."

Jibu kama hilo linaweza kuwa kweli, linaweza kuwa ujanja. Dada hakubishana, aliomba apelekwe kwa ndugu yake yeyote. Jumamosi iliyofuata walikwenda Kibaha kwa dada mkubwa wa bwana. Kabla hajatambulishwa, mwenyeji alimpokea mkoba na kumuuliza: "Wifi, goti la mama linaendeleaje?"

Mpaka leo hajapostiwa. Ameacha kuangalia.