Kapsheni za mwezi mzima kwa duka la khanga

Ukurasa wa duka la khanga kwenye Instagramu huanza kukimbiwa pale mteja anapojua kilichoandikwa kabla hajakisoma: mzigo mpya umeingia, doti ni bei fulani, piga namba hii. Hiyo ikijirudia wiki mbili, kidole hupita bila kusimama. Dawa yake ni kuzipanga kapsheni za mwezi mzima mapema, kila aina ikiwa na siku zake.

Chukua duka linaloweka picha Jumatatu hadi Ijumaa. Kwa wiki nne hizo ni nafasi 20. Mgawanyo unaofaa ni matangazo 5, mafunzo 8, burudani 5, na nafasi 2 zinazoachwa wazi. Si sheria ya serikali. Duka lenye wateja wapya wengi laweza kuongeza mafunzo. Ila matangazo yakizidi robo ya nafasi zote, ukurasa unarudi kuwa ubao wa bei.

Matangazo ndiyo hupangwa kwanza, kwa kuwa yanafuata mfuko wa mteja. Mishahara mingi hutoka mwisho wa mwezi, kwa hiyo wiki ya nne ibebe matatu: Jumatatu, Jumatano na Ijumaa. Wiki ya kwanza, fedha zikiwa bado zipo, na ya pili zipate moja moja. Ya tatu, watu wakiwa wamebana matumizi, isiwe na tangazo hata moja. Kwa mpango huu, ndani ya wiki moja matangazo mawili hayafuatani kamwe. Tangazo lenyewe liwe wazi: aina ya kitambaa, bei ya doti, duka lilipo, namna ya kutumiwa mzigo mkoani. Kumwambia mtu “bei njoo inboksi” ni kumfukuza kwa upole.

Mafunzo hayatungwi kichwani, yanachotwa kwenye maswali ya wateja. Anayeuliza kama khanga ni pamba halisi ametoa kapsheni moja nzima, kwa mfano: “Chomoa uzi mmoja pembeni, uuchome. Pamba huwaka kama karatasi na kuacha jivu laini. Poliesta huyeyuka na kuganda kitone kigumu.” Swali la rangi inayochuja linatoa nyingine: khanga mpya ifuliwe peke yake, kwa maji baridi. Nyingine yaweza kueleza pindo, mji na jina ni sehemu zipi za khanga, kwani wapo vijana wanaoivaa wasizijue.

Hapo ndipo wengi huteleza. Somo la uzi likimaliziwa kwa “agiza sasa” na namba ya simu, limegeuka tangazo, na hesabu ya mwezi imeharibika bila mwenye duka kujua. Kipimo ni rahisi: futa bei na namba ya simu, kisha tazama kama kilichobaki kinamfaa mtu asiyenunua leo. Kama hakimfai, hilo ni tangazo na lihesabiwe hivyo.

Burudani nayo ikae karibu na bidhaa. Kuuliza “Khanga ya jina gani hungethubutu kumpelekea mama mkwe?” huleta majibu ya kuchekesha, na bado mazungumzo ni ya khanga. Kichekesho cha mpira kilichookotwa mtandaoni huleta vicheko vya watu ambao hawatavaa doti maishani mwao. Zile nafasi mbili za wazi ni za jambo la ghafla, kama shehena kuchelewa. Ukitokea msiba mkubwa wa taifa, burudani iliyopangwa siku hiyo isogezwe, hata kama ilishawekewa saa ya kujituma yenyewe.

Kapsheni zote 20 zikishaandikwa, sentensi zao za kwanza zisomwe peke yake, moja chini ya nyingine. Instagramu huonyesha mwanzo tu wa kapsheni ndefu na kuficha sehemu iliyobaki, kwa hiyo mwanzo huo ndio wengi watakaouona. Zikionekana sita zinazoanza na “Je, wajua”, nne zibadilishwe.

Mwisho wa mwezi kila aina ipimwe kwa mizani yake. Somo zuri huhifadhiwa, burudani hutumiwa rafiki, tangazo huleta ujumbe wa kuulizia mzigo. Kulinganisha yote kwa idadi ya vipendwa kunapotosha, maana burudani itashinda daima na tangazo litaonekana limeshindwa hata kama limeuza doti kumi. Kama masomo yanahifadhiwa sana lakini matangazo hayaulizwi, kosa haliko kwenye mgawanyo: kwanza itazamwe bei, kisha picha.