Zidisha kwanza: Jinsi ya kufungua nambari ya siri bila kubahatisha

Ijumaa mbili zilizopita, kundi la WhatsApp la ploti yetu nusura livunjike kwa sababu ya tarakimu tatu tu. Jirani wa orofa ya tatu, ambaye hutuwekea chemshabongo kila wikendi inapokaribia, aliandika hivi: nambari ya siri ina tarakimu tatu. Ukizizidisha unapata 36. Ukizijumlisha unapata 13. Zimepangwa kutoka ndogo hadi kubwa. Wa kwanza kujibu anatumiwa kredo ya shilingi 200.

Nilikuwa ndani ya matatu, msongamano haujasonga, kwa hivyo nilipiga hesabu upesi na kutuma 166. Akaniambia nimekosa. Dakika moja baadaye, mama wa nyumba namba saba akatuma 229, na kredo ikaenda kwake. Nikarudia hesabu yangu. Moja mara sita mara sita ni 36. Moja na sita na sita ni 13. Sasa nimekosa wapi, bana?

Kabla ya kumlaumu mtu, hebu kwanza uone jinsi mafumbo haya yanavyofunguliwa. Chukua hili, ambalo limetungwa sawasawa:

Nambari ya siri ina tarakimu nne. Zikizidishwa zote unapata 280. Zikijumlishwa unapata 18. Tarakimu ya kwanza ni nusu ya ile ya tatu. Ya pili ni kubwa kuliko ya nne.

Wengi huanza na jumla kwa sababu kujumlisha ni rahisi. Hapo ndipo wanapochelewa. Nambari za tarakimu nne, kuanzia 0000 hadi 9999, ni 10,000. Kati ya hizo, zenye jumla ya 18 ni 670. Ukianza kuziandika moja moja utafika nyumbani bado uko kwenye ukurasa wa kwanza. Lakini zile ambazo tarakimu zake zikizidishwa zinaleta 280 ni 48 pekee. Kuzidisha kunabana kuliko kujumlisha.

Kwa nini? Jiulize 280 inagawanyika kwa nini. Inagawanyika kwa 7, na kati ya tarakimu 1 hadi 9, inayogawanyika kwa 7 ni 7 yenyewe tu. Kwa hivyo lazima 7 iwemo. Ukigawanya, unabaki na 40. Hiyo nayo inagawanyika kwa 5, na tarakimu pekee inayoweza kuleta hiyo tano ni 5 yenyewe. Gawanya tena, unabaki na 8. Tayari una tarakimu mbili mkononi na hujabahatisha chochote.

Zimebaki mbili zinazozidishwa kuwa 8. Ni 1 na 8, ama 2 na 4. Hakuna njia nyingine. Sasa ndipo unaileta jumla: 7 na 5 ni 12, na tunataka 18, kwa hivyo zilizobaki zifanye 6. Moja na nane ni 9, hiyo inatoka. Mbili na nne ni 6. Basi tarakimu zetu ni 2, 4, 5 na 7.

Hapo bado hujamaliza, kwa sababu tarakimu nne tofauti zinaweza kupangwa kwa njia 24. Jumla na kuzidisha hazijali mpangilio kabisa. 2745 na 5427 kwao ni kitu kimoja. Kazi hiyo ni ya dokezo za nafasi. Ya kwanza ni nusu ya ya tatu: kati ya hizi nne, ni 2 na 4 pekee zinazofaa. Unapata 2, pengo, 4, pengo. Ya pili ni kubwa kuliko ya nne, kwa hivyo 7 inatangulia na 5 inafunga. Jibu ni 2745. Ukifuta lile dokezo la mwisho, 2547 nayo inapita, na fumbo limeharibika.

Kuna mahali njia hii inakwama, nayo ni sufuri. Ukiambiwa tarakimu zikizidishwa zinaleta 0, umejua kwamba mahali fulani kuna sufuri, basi. Nyingine zinaweza kuwa chochote, na inabidi utegemee jumla na nafasi. Pia ukipewa 330, usijisumbue: 330 ina 11 ndani yake, na hakuna tarakimu inayoleta 11. Aliyetunga alikosea.

Sasa turudi kwa ploti yetu. Tarakimu tatu zinazozidishwa kuwa 36. Anza na iliyo kubwa zaidi. Ikiwa ni 9, zilizobaki zinafanya 4: una 1-4-9 na 2-2-9. Ikiwa ni 6, zilizobaki zinafanya 6: una 1-6-6 na 2-3-6. Ikiwa ni 4, una 3-3-4. Nane, saba na tano haziigawanyi 36, na tatu hata zikiwa tatu zinaishia 27. Kwa hivyo ni makundi matano tu. Jumla zake ni 14, 13, 13, 11 na 10.

Umeiona? Kumi na tatu imejirudia. Angetuambia jumla ni 11, ingekuwa 236 bila ubishi. Kati ya jumla zote alichagua ile moja yenye majibu mawili. Mimi nilikuwa sahihi, na mama wa nyumba namba saba pia alikuwa sahihi.

Kinachoniuma ni kwamba neno moja lingetosha. Angesema nambari ni witiri, 166 ingeanguka na 229 ingebaki. Msimamizi wa kundi naye akajaribu kusuluhisha, akapendekeza kuongeza "hakuna tarakimu iliyojirudia." Ukiongeza hivyo majibu yote mawili yanatoka na fumbo linabaki bila jibu!

Cha kuchekesha ni kwamba kuna fumbo la zamani linalotumia kasoro hii hii kwa makusudi. Mtu anaulizwa umri wa watoto wake watatu. Anasema ukizidisha miaka yao unapata 36, na ukiijumlisha unapata namba ya nyumba ile pale. Mwenzake anaitazama namba, anafikiri, anasema bado siwezi kujua. Wewe msomaji huioni hiyo namba, lakini kule kushindwa kwake kumekuambia: ni 13, kwa sababu nyingine yoyote angejua papo hapo, hata ukihesabu miaka inayozidi 9. Kisha baba anataja "mkubwa wao," na mambo yameisha. Kwenye 1, 6 na 6 wakubwa ni wawili, kwa hivyo watoto wana miaka 2, 2 na 9.

Kwa hivyo ukitunga la kwako, usiridhike kwamba jibu lako linafaa. Andika makundi yote ya kuzidisha, weka jumla kando ya kila moja, kisha utafute kama kuna jumla iliyojirudia.

Jirani yangu hajafika hapo. Ijumaa iliyofuata alibadilisha namba tu: tarakimu tatu, zikizidishwa ni 72, zikijumlishwa ni 14, kutoka ndogo hadi kubwa. Safari hii nilituma majibu mawili kwa ujumbe mmoja, yote sahihi. Yatafute. Mimi bado nangoja kredo yangu.