Jiwe la Mto Orange: jinsi kichezeo cha mtoto kilivyotambuliwa kuwa almasi

Kando ya mto Orange, karibu na mji mdogo wa Hopetown katika Koloni la Rasi, kulikuwa na shamba lililoitwa De Kalk. Hapo ndipo Erasmus Jacobs, kijana wa miaka 15, alipookota jiwe lililomvutia kwa mng'ao wake miongoni mwa changarawe za mto. Kisa hiki husimuliwa kuwa cha mwaka 1867, ingawa wapo wanaosema jiwe liliokotwa mwishoni mwa 1866. Alilipeleka nyumbani, nalo likachanganywa na mawe mengine ambayo watoto wa pale walikuwa wakichezea.

Jirani yao, Schalk van Niekerk, alikuwa na mazoea ya kukusanya mawe ya ajabu. Alipoliona hilo aliomba alinunue. Mama wa kijana alicheka kusikia mtu anataka kulipia jiwe la kuchezea, akampa bure. Van Niekerk naye alimkabidhi John O'Reilly, mfanyabiashara aliyekuwa akisafiri mji hadi mji, ili alitafutie mtu wa kulitambua. Wengi walioonyeshwa hawakulijali.

Kosa lao linaeleweka. Almasi inayovaliwa kwenye pete imekatwa na kung'arishwa na fundi; uso wake una pande nyingi ndogo zinazorudisha mwanga machoni. Almasi ghafi, hasa iliyokaa mtoni, huwa na ngozi hafifu yenye ukungu, na mtu asiyeizoea hupita bila kugeuka. Kinyume chake, mawe mengi yanayometameta juani hayana thamani kubwa. Ulanga hung'aa kama kioo, lakini ukiukwangua kwa ukucha unabanduka vipandevipande vyembamba. Pairiti ina rangi ya dhahabu, ila ukiisugua kwenye kigae kisichopakwa rangi huacha mstari mweusi, wakati dhahabu huacha mstari wa manjano. Kwa hiyo mng'ao ni mwito wa kuliangalia jiwe kwa karibu, wala si ushahidi wa jiwe lenyewe.

Mjini Colesberg, O'Reilly alimwonyesha jiwe ofisa wa serikali aitwaye Lorenzo Boyes. Boyes alilikwaruza kwenye kioo cha dirisha, likaacha alama, naye akaamini kuwa ni almasi. Mwenzake mmoja mjini humo alimpinga, akasema ni topazi tu, na wawili hao wakawekeana dau la kofia mpya. Aliyepinga alikuwa na hoja. Kioo ni laini kuliko mawe mengi, na hata kwatzi, jiwe jeupe linalojaa kwenye kila changarawe, hukikwaruza bila taabu. Alama ile ya dirishani ilithibitisha jambo moja tu: kwamba jiwe halikuwa kipande cha chupa.

Ndipo Boyes alipolitia ndani ya bahasha ya kawaida na kulituma kwa posta hadi Grahamstown, mji ambao leo huitwa Makhanda. Mpokeaji alikuwa Daktari William Guybon Atherstone, tabibu aliyekuwa amevuka miaka 50 na ambaye kwa muda mrefu alikuwa akichunguza miamba ya nchi hiyo. Huyu ndiye mzee aliyelitolea jiwe hilo kauli, na njia aliyoifuata inastahili kutazamwa hatua kwa hatua, maana hakutegemea kipimo kimoja.

Kwanza ni ugumu. Masonara wa mjini walijaribu kulikata jiwe kwa tupa zao, na jiwe likaziharibu tupa. Hiyo ni dalili kubwa zaidi ya mkwaruzo wa kioo, lakini bado haitoshi, kwa sababu chuma cha tupa nacho hushindwa na mawe kadhaa. Katika kipimo cha ugumu kinachoanzia 1 hadi 10, tupa iko karibu na 6 na nusu, kwatzi ni 7, topazi 8, yakuti 9, na almasi pekee ndiyo 10.

Pili ni uzito ukilinganishwa na ukubwa. Jiwe hupimwa hewani, kisha hupimwa likiwa limening'inizwa ndani ya maji, ambamo huonekana jepesi kidogo. Tofauti ya vipimo hivyo viwili ni uzito wa maji yaliyosukumwa na jiwe. Jiwe la Erasmus lilikuwa na karati 21 na robo, yaani gramu 4.36 hivi. Almasi ya uzito huo ikiwa majini hupungua kiasi cha gramu 1.24. Kwatzi yenye uzito uleule ingepungua gramu 1.65, kwa kuwa ni kubwa zaidi kwa uzito huohuo. Pengo hilo mizani nzuri haiwezi kulikosa, na hapo kwatzi inaondolewa kabisa kwenye orodha. Yakuti nayo huondoka, maana ingepungua gramu 1.09 tu.

Linabaki swali la yule aliyewekeana dau. Topazi na almasi zinakaribiana mno kwa kipimo hiki. Mizani peke yake haiwezi kuzitenganisha. Kwa hiyo Atherstone aliongeza hatua ya tatu, akalitazama jiwe kwa mwanga uliochujwa ili mawimbi yake yaelekee upande mmoja. Topazi hugawa mwanga huo njia mbili, na jiwe likizungushwa hung'aa na kufifia kwa zamu. Almasi haigawi mwanga hivyo. Baada ya hatua hizo tatu hakukuwa na jiwe jingine la kushukiwa. Atherstone alimjibu Boyes kwamba ni almasi ya kweli, yenye thamani ya pauni 500, na gavana wa koloni, Sir Philip Wodehouse, akainunua kwa bei hiyo. Baadaye ilikatwa ikabaki karati 10.73, ikapewa jina la Eureka.

Hata hivyo, kujua jiwe ni nini si sawa na kujua limetoka wapi. Mwaka 1868 sonara mmoja wa London alimtuma mtaalamu wa mawe, James Gregory, akague eneo hilo. Gregory aliripoti kwamba nchi ile haikuwa na miamba inayoweza kutoa almasi, na kama imeonekana yoyote basi huenda ililetwa na mbuni tumboni. Alilinganisha miamba aliyoiona na ile ya nchi ambako almasi ilikuwa imezoeleka, na kwa kuwa haikufanana, akafunga shauri.

Mwaka uliofuata mchunga kondoo wa jamii ya Wagriqua aliokota jiwe la pili, la karati 83 na nusu. Van Niekerk, ambaye safari hii alijua anachokitazama, alimpa kondoo 500, ng'ombe 10 na farasi mmoja, kisha akaliuza kwa pauni 11,200. Wachimbaji wakamiminika mitoni, na kufikia 1871 walikuwa wamefika kwenye ardhi kavu ambako mji wa Kimberley ulizaliwa. Huko ndiko asili yenyewe ilipoonekana: mwamba uliopanda kutoka kina kirefu cha dunia kwa njia ya volkano, ukibeba almasi ndani yake. Mvua na mito ilimomonyoa sehemu ya juu ya miamba ya namna hiyo, ikasomba mawe magumu hadi kwenye changarawe. Mwamba huo umeitwa kimbalaiti kwa jina la mji, na ni wa aina ileile aliyoigundua John Williamson huko Mwadui, Shinyanga, mwaka 1940.